Video moja ya saluni, ruhusa za watu watatu: mwongozo kwa wanaotengeneza matangazo ya mtandaoni

Tuchukue saluni ya Kondele, Kisumu. Mwenye saluni anataka video ya sekunde 40 ya kuonyesha misuko mipya. Amekubaliana na msichana mwenye wafuasi wengi TikTok kwamba atamsuka bure, kazi ya Sh3,500, na kumwongezea Sh5,000. Msichana ataiweka video kwenye akaunti yake. Baadaye saluni itaichukua na kuiweka kwenye kurasa zake za Facebook na Instagram, na ikipendwa italipiwa ili iwafikie watu wengi zaidi. Wimbo uliopangwa ni ohangla inayovuma. Kiti cha pembeni amekaa mteja wa kawaida, mama anayesukwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Mfano ni wa kubuni, ila nimeujenga kutokana na kazi za aina ninayoifanya. Humo ndani mna watu watatu wenye haki zao: mtazamaji, ambaye ana haki ya kujua kuwa anaona tangazo; mwenye wimbo; na mama wa kiti cha pembeni. Jambo ninalotaka msomaji alishike ni moja: ruhusa hutolewa kwa matumizi fulani, wala haihami yenyewe kwenda matumizi mengine. Wimbo ulioruhusiwa TikTok haujaruhusiwa Facebook. Mteja aliyekubali kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp hajakubali kuwa sura ya tangazo la kulipia. Wengi huponea hatua ya kwanza, kisha wakakwama siku video inapohamishwa.

Kabla ya kupiga: andikeni video itaenda wapi

Siku mnayokubaliana malipo, andikeni ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao kila upande utaujibu kwa kukubali. Utaje malipo yote, pesa na huduma ya bure. Utaje akaunti ambazo video itawekwa, kama saluni inaruhusiwa kuilipia iwe tangazo, na itakaa hewani hadi lini. Kwa saluni yetu:

"Tumekubaliana video moja ya sekunde 40. Malipo ni Sh5,000 na kusukwa bure, kazi ya Sh3,500. Itawekwa TikTok kwenye akaunti yako, kisha Facebook na Instagram za saluni. Saluni inaweza kuilipia kama tangazo kwa miezi mitatu. Utasema wazi kuwa umelipwa. Ukiombwa kuitoa kwa sababu ya mteja au wimbo, utaitoa siku hiyo hiyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo itakayokuokoa. Video ikiwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, wewe huna kitufe cha kuifuta. Mteja akilalamika huku msichana amesafiri au mmekosana, utabaki kumbembeleza mtu ambaye halazimiki kukusikiliza.

Wimbo: chagua baada ya kujua video itakaa wapi

Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, na mara nyingi hiyo iko mikononi mwa studio, produsa au lebo iliyogharamia kazi. Ukitaka kuutia wimbo kwenye video ya biashara, unahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Ndiyo maana "msanii ni rafiki yangu, ameniambia nitumie" inaweza kuwa nusu ya ruhusa tu.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyaamini na ambayo hayana msingi. La kwanza, kwamba sekunde 15 au 30 za wimbo ni bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haina kipimo hicho. La pili, kwamba ukiandika jina la msanii chini ya video umemaliza. Kumtaja ni heshima, si leseni. La tatu, kwamba leseni ya kupiga muziki ndani ya saluni, ile inayotokana na vyama vya kukusanya mirabaha, inatosha. Leseni hiyo inahusu muziki unaosikika na wateja wakiwa ndani. Haihusu kuuunganisha wimbo na picha za tangazo.

Njia nyepesi ni maktaba za mitandao yenyewe. TikTok ina `Commercial Music Library`, ambayo nyimbo zake zimeruhusiwa kwa matangazo. Akaunti ya biashara huonyeshwa hizo tu, lakini akaunti ya kawaida huona nyimbo zote, na hapo ndipo mtengeneza video anapoteleza bila kujua: anachagua wimbo unaovuma kwa sababu simu yake imemwonyesha. Wimbo kuonekana kwenye simu hakumaanishi unafaa kwa kazi ya kulipwa. Jihadhari pia na sauti iliyoandikwa `original sound`. Mara nyingi ni mtu tu aliyepandisha kipande cha wimbo wa mwingine.

Meta nayo ina `Sound Collection` kwa Facebook na Instagram, na YouTube ina `Audio Library`. Sasa angalia mtego wenyewe. Wimbo wa maktaba ya TikTok umeruhusiwa kwa TikTok. Saluni yetu ikiipakua video ile kutoka TikTok na kuipandisha Facebook, wimbo umeshatoka nje ya ruhusa yake. Dawa yake haina gharama: hariri video bila muziki wowote, ikiwa na sauti ya mazungumzo tu, uihifadhi hivyo. Kisha kwenye kila mtandao pandisha nakala hiyo na uchague wimbo kutoka maktaba ya mtandao huo huo. Piga skrinshoti ya ukurasa wa wimbo siku hiyo, tarehe ionekane, kwa sababu nyimbo huingia na kutoka kwenye maktaba hizi.

Lakini saluni yetu inataka ohangla, na naielewa. Wateja wake ni wa Kondele, Nyalenda na Manyatta, na muziki wa maktaba za mbali hauwagusi. Hapa upande wa magharibi tuna bahati kwamba wasanii wengi hufikika kwa simu. Mpigie, na kabla ya kutaja pesa muulize maswali mawili: nani aliutunga wimbo, na nani aligharamia rekodi. Kama utunzi ni wake na rekodi ni ya produsa, mnahitaji sahihi mbili. Muulize pia kama amewahi kukabidhi haki zake kwa lebo au chama chochote, kwa sababu huenda hana tena anachotaka kukuuzia.

Barua ya ruhusa haihitaji lugha ya mahakama. Itaje jina la wimbo, sekunde mtakazotumia na ruhusa ya kuukata, mitandao mitatu kwa majina, kwamba utatumika katika tangazo la kulipia, tarehe ya mwisho na kiasi kilicholipwa. Lipa kwa M-Pesa na uhifadhi ujumbe. Kama unataka ruhusa ya kipekee, kwamba hakuna saluni nyingine itakayoutumia, au unataka kuununua wimbo moja kwa moja, sheria inadai maandishi. Neno la mdomo halitoshi.

Halafu kuna kazi moja zaidi ambayo hata wenye barua hukosa kuifanya. Msanii akiwa amesambaza wimbo wake kupitia kampuni ya usambazaji wa kidijitali, mitambo ya YouTube na Meta inautambua wimbo wenyewe, haiisomi barua yako. Video itanyamazishwa au kudaiwa ingawa umelipa. Kabla ya kuipandisha, mwombe msanii aiandikie kampuni yake ya usambazaji, aitajie akaunti zitakazotumia wimbo ili dai lisiwekwe, au liondolewe likitokea.

Kwenye YouTube ujue tofauti ya mambo mawili. Dai la `Content ID` kwa kawaida huacha video hewani na mapato yake kwenda kwa mwenye wimbo, ingawa anaweza pia kuizuia. `Copyright strike` ni onyo dhidi ya chaneli yako, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima. Ukipata dai na huna karatasi, toa wimbo. Usibishe kwa kubahatisha.

Siku ya kupiga: redio, vioo na mama wa kiti cha pembeni

Zima redio. Saluni nyingi huwa na redio au runinga inayocheza kuanzia asubuhi, na simu inarekodi kila kinachosikika. Unaweza kuwa umechagua wimbo halali na bado video ikanyamazishwa kwa sababu ya sekunde nane za redio zilizosikika msusi alipokuwa akieleza bei. Sauti ya redio ikishachanganyika na ya mtu anayezungumza, kuitenganisha ni kazi ngumu. Huanza kwa kuomba redio izimwe, kisha napiga sekunde chache za majaribio na kuzisikiliza kwa spika za masikioni, maana hata redio ya duka la jirani huingia.

Pili, tazama vioo. Saluni ina vioo ukuta mzima, na kamera iliyolenga kisogo cha mtu mmoja huwanasa watatu walioketi kwenye benchi nyuma. Hao hawakuombwa chochote. Simama mahali utakapopigia, tazama kioo kwanza, halafu sogeza kamera au waombe waliopo wahamie upande mwingine.

Sasa mama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Idhini yake lazima iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi na iliyotolewa baada ya kuelezwa. Inaweza kuwa kauli au kitendo kinachoeleweka, kwa hiyo kunyamaza si idhini, na bango la mlangoni linalosema "ukiingia umekubali kupigwa picha" halikutoshi. Kifungu cha 37 kinagusa hasa matumizi ya data ya mtu kwa biashara, na kinataka idhini ya wazi. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa uko kwako wewe unayeitumia picha, si kwa mama.

Hili si la makaratasi tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kuwa na biashara ndogo kunaweza kukuondolea wajibu wa kujisajili kwa Kamishna, lakini wajibu wa kuomba idhini unabaki.

Mwendee mama kabla msusi hajaanza, si kichwa kikiwa nusu. Mtu aliye katikati ya kusukwa hawezi kuondoka, na hawezi kukataa kwa uhuru. Kwa sababu hiyo hiyo usimwambie kwamba asipokubali atasubiri zaidi. Sheria inatazama kama huduma ilifungwa kwenye idhini isiyohitajika kwa huduma hiyo. Namna ninayoomba ni hii:

"Mama, shikamoo. Leo tunapiga video ya kutangaza saluni. Ningependa misuko yako ionekane. Ukikataa hakuna shida, utasukwa kama kawaida na bei ni ile ile. Ukikubali, nakuuliza kila kitu peke yake: kisogo na misuko tu, au uso pia? Iwekwe TikTok, Facebook na Instagram? Na je, tukiilipia isambazwe kwa watu usiowajua, unakubali?"

Swali la mwisho hubadilisha majibu ya wengi, na ndiyo sababu lazima liulizwe. Kuonekana na watu elfu moja wanaoifuata saluni ni jambo moja. Kuonekana na shemeji, mwajiri na mchungaji kwa sababu mtandao umesukuma tangazo hadi kwao ni jambo jingine kabisa. Wapo pia wanaojificha ili mtu fulani asiwaone, na hawana wajibu wa kukueleza.

Majibu uyaweke kwenye fomu yenye visanduku tofauti, kila kimoja akitie alama yeye mwenyewe, pamoja na tarehe, namba ya simu ya saluni na sentensi hii: "Naweza kuondoa idhini yangu wakati wowote kwa kupiga namba hii." Akiwa hasomi Kiswahili kwa urahisi, muulize kwa Kijaluo au Kiluhya, na urekodi sauti yake akijibu kwa lugha hiyo hiyo. Rekodi fupi inayosikika mtu akisema anachokubali na anachokataa ni ushahidi mzuri kuliko sahihi iliyowekwa chini ya maneno asiyoyaelewa. Fomu yenyewe pia ni data: ifungie, isiachwe kaunta kila mtu aisome namba yake.

Akikubali kisogo tu, kagua video baada ya kupiga. Mchoro wa mwilini, jina kwenye sare ya kazi, au uso wake kwenye kioo unaweza kumtambulisha.

Watoto nawaweka peke yao. Wiki ya kufungua shule saluni hujaa wasichana wadogo, nazo picha zao huvutia sana. Idhini ni ya mzazi au mlezi, na hata akikubali, sheria inataka matumizi yalinde maslahi ya mtoto. Dada mkubwa au msaidizi wa nyumbani aliyemleta hawezi kukubali kwa niaba ya mzazi. Mimi sipigi kabisa mtoto mwenye sweta la shule yenye nembo. Nembo pamoja na uso humwambia mgeni mahali pa kumpata mtoto huyo kila siku.

Wasusi nao waombwe. Kumwambia mwajiri "hapana" ni kugumu, na msusi akihamia saluni nyingine hatapenda kuendelea kuitangaza ya zamani.

Kuipandisha: sema umelipwa mahali mtu hawezi kupita bila kuona

Msichana wetu amepata Sh5,000 na kusukwa bure. Hata angepata kusukwa tu, lingekuwa tangazo, kwa sababu mtazamaji angepima sifa zake tofauti kama angejua. Hali ni hiyo pia kwa anayepewa kamisheni kila mteja anapotaja jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 na Sheria ya Ushindani ya 2010 zinakataza kumpotosha mnunuzi, na sifa za kulipiwa zilizovishwa sura ya maoni ya mteja wa kawaida zinampotosha.

TikTok kuna sehemu ya `Content disclosure` kabla ya kuchapisha. Msichana huchagua `Branded content`, na video hubeba lebo `Paid partnership`. Saluni ikiweka video yake yenyewe huchagua `Your brand`, na lebo huwa `Promotional content`. Faida ya pembeni ni kwamba ukishawasha sehemu hiyo, TikTok hukubakishia nyimbo za biashara tu, na kosa la wimbo hujionyesha mapema. Instagram tumia `Add paid partnership label` na umtaje mwenye biashara. YouTube weka alama kwenye kisanduku cha `Paid promotion`.

Lebo hizo hazitoshi peke yake hapa kwetu. Video ya misuko hupakuliwa na kutumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na ikipakuliwa lebo ya mtandao hubaki nyuma. Kwa hiyo andika neno TANGAZO ndani ya picha yenyewe, juu, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, na litokee sekunde za mwanzo. Msichana naye aseme kwa mdomo: "Saluni hii imenilipa na kunisuka bure nije niwaonyeshe." Kwenye maelezo, neno hilo liwe la kwanza, kabla ya mahali maandishi yanapokatwa. "Asante sana saluni yangu" haimwambii mtu chochote, wala neno la Kiingereza lililofichwa mwisho wa alama kumi za reli. Kwenye stetasi ya WhatsApp hakuna lebo kabisa, maandishi ya juu ya picha ndiyo njia pekee.

Na asifie alichokipitia tu. Kama alikaa na misuko siku mbili, asiseme inadumu wiki sita.

Siku ya kuilipia isambae

Video imependwa na mwenye saluni anataka kuweka Sh2,000. Kabla ya kubonyeza, fungua tena karatasi. Je, wimbo umeruhusiwa kwa tangazo la kulipia? Instagram yenyewe hukataa kusukuma posti zenye nyimbo za kawaida za wasanii, na ukiona ujumbe huo usijaribu kuuzunguka kwa kurekodi skrini. Je, mama alitia alama kisanduku cha tangazo la kulipia? Kama hakutia, kata sehemu yake na utengeneze nakala nyingine, au mpigie simu umuombe upya na uhifadhi jibu. Je, msichana alikubali, na miezi mitatu haijaisha?

Mama akibadili mawazo

Anaweza, wakati wowote, bila kutoa sababu. Matumizi ya kabla hayageuki kuwa kosa, lakini kuanzia hapo unaacha. Zima kwanza tangazo linalolipiwa, kisha futa posti za saluni, kisha mtumie msichana ujumbe afute yake, na mwisho futa faili kwenye simu ya kila mliyemtumia. Mjibu mama siku hiyo na umwambie ukweli kwamba nakala zilizopakuliwa na wageni huwezi kuzirudisha. Akiona hujamtendea haki anaweza kumlalamikia Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90 kuamua malalamiko.

Weka fomu, barua ya wimbo, ujumbe wa makubaliano na skrinshoti kwenye folda moja yenye jina la video na tarehe, na tarehe ya mwisho ya ruhusa uitie kwenye kalenda ya simu, ikukumbushe wiki moja mapema. Siku hiyo ama unamlipa msanii upya, ama unapandisha ile nakala isiyo na muziki uliyohifadhi mwanzoni na kuichagulia wimbo mwingine.